Chumvi ya udongo na mipaka ya mimea nyuma ya mikoko ya Bagamoyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitoka baharini kuelekea bara katika sehemu nyingi za pwani ya Bagamoyo, unapita kwanza kwenye mikoko mirefu, kisha mikoko mifupi, halafu unatokea ghafla kwenye uwanja mweupe usio na kitu. Wenyeji wengi huuita jangwa. Ukilivuka unakuta tena majani mafupi yenye nyama, vichaka, nyasi, na mwisho minazi na mikoche. Maswali yaliyo hapa chini ni ya wanafunzi wanaokuja kupima udongo huko, na ya wanavijiji wanaotaka kujua wapande nini na wapi.

Kwa nini katikati pako wazi na pande zote mbili kuna mimea?

Kwa sababu chumvi ya udongo haishuki moja kwa moja kadiri unavyoiacha bahari. Inapanda kwanza, inafika kilele, ndipo inashuka. Kilele hicho ndicho jangwa.

Karibu na bahari maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kila yanapojaa yanasuuza udongo, kwa hiyo chumvi ya ndani ya udongo haiachani sana na ile ya bahari yenyewe, ambayo ni takriban gramu 35 kwa lita. Upande wa bara maji ya bahari hayafiki, mvua inaosha udongo, na maji baridi ya chini ya ardhi yanasukuma kutoka nchi kavu. Sehemu iliyo katikati haina bahati ya upande wowote. Iko juu kiasi kwamba maji huifikia wakati wa bamvua tu, siku chache mwezi mwandamo unapoandama na siku chache unapokuwa mpevu. Maji mafu yakiingia, uwanja unakaa kwenye jua siku kumi hivi bila kuguswa. Maji yanapanda hewani, chumvi inabaki.

Hiyo chumvi inaongezeka kwa kasi gani?

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuifanya mwenyewe. Chukua kwamba jua na upepo vinaondoa milimita 5 za maji kwa siku kutoka kwenye udongo wenye unyevu. Kwa siku kumi ni milimita 50, yaani lita 50 kwa kila mita moja ya mraba. Bamvua ikirudi, udongo unanywa lita 50 nyingine kujaza pengo, na kila lita imekuja na gramu 35. Jumla ni gramu 1,750 za chumvi kwenye mita moja ya mraba, kwa bamvua moja.

Haiongezeki hivyo milele, bila shaka. Udongo ukishaweka ganda jeupe juu, ukaukaji unapungua. Bamvua inayofuata huyeyusha sehemu ya ganda hilo na kuondoka nayo. Maji mazito ya chumvi huzama chini taratibu, na masika inaosha. Lakini kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa haba, mizania inaegemea upande wa chumvi. Wachimba chumvi wanalijua hili kwa vitendo: mabwawa ya kukaushia maji, kama yale ya Nunge, hutengenezwa kwenye maeneo tambarare ya aina hii, ambako bahari inafika kwa nadra na jua linafanya kazi iliyobaki.

Ni mimea gani hasa, na kwa mpangilio gani?

Mpangilio hubadilika kutoka hori moja hadi jingine, lakini ule wa kawaida ni huu. Mbele kabisa, miguu majini, kuna mlilana. Nyuma yake mkoko wenye mizizi ya matao, na baada ya hapo mkandaa. Mchu, ambao kisayansi ni *Avicennia marina*, unaonekana mara mbili: mrefu na mnene karibu na bahari au kando ya hori, kisha mfupi, umesinyaa, kwenye ukingo wa jangwa.

Jangwa lenyewe halina mmea mkubwa, ingawa ukiinama utaona utando wa kijani kibichi wa viumbe vidogo sana juu ya udongo unyevu. Kwenye kingo zake hutambaa *Sesuvium portulacastrum*, wenye majani manono na maua madogo ya waridi. Hapo hapo huonekana mimea yenye mashina ya pingili pingili isiyo na majani ya kueleweka. Hiyo ni *Tecticornia indica*. Juu kidogo kuna kichaka cha *Suaeda monoica*, na juu zaidi zulia la nyasi ngumu zenye ncha, *Sporobolus virginicus*. Majina haya ya kisayansi nimeyaweka kwa sababu majina ya kienyeji ya mimea midogo hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, na ukiyaandika peke yake kwenye daftari, mwenzako wa Pangani anaweza kuelewa mmea mwingine.

Kwa nini mchu uleule uwe mrefu huku na mfupi kule?

Hili ndilo swali ninalolipenda zaidi, maana mmea ni mmoja, kinachobadilika ni gharama ya kunywa maji.

Chumvi ikiwa kwenye maji ya udongo inayashikilia. Mmea hauwezi kuyavuta mpaka uvute kwa nguvu inayozidi mshiko huo. Kwa maji ya bahari mshiko ni karibu angahewa 25. Tairi la gari dogo hujazwa angahewa 2 hivi. Chumvi ikifika gramu 80 kwa lita, mshiko unapita angahewa 55. Mizizi ya mchu huizuia sehemu kubwa ya chumvi isiingie, na ile inayopenya hutolewa kwenye majani. Asubuhi ya kiangazi, kabla upepo haujachanganya, geuza jani la mchu kwenye mwanga: utaona punje ndogo zinazometameta. Lilambe na utahakikisha. Mkoko hauna njia hiyo ya kutoa chumvi kwenye jani. Unategemea zaidi kuizuia mizizini, na ndiyo maana unaishia mapema zaidi kabla ya jangwa.

Kazi yote hiyo inakula nguvu ambayo ingejenga shina. Zaidi ya hapo, mmea ulio kwenye chumvi kali hufungua vitundu vya majani kwa ubahili ili usipoteze maji, na ukivifunga hauingizi hewa ya kutengenezea chakula. Kwa hiyo mchu wa ukingoni mwa jangwa unaweza kuwa wa kufika kiunoni na bado ukawa na umri mkubwa. Usiuhesabu kama mche mchanga kwa kutazama urefu. Angalia unene wa shina na magome ya chini.

Nianze wapi kupima?

Funga kamba kutoka kwenye mikoko mirefu hadi kwenye nyasi za juu, ikipita moja kwa moja juu ya mteremko, wala si sambamba na ufuo. Weka vituo kila mita 10, na vikaribiane zaidi pale mimea inapobadilika, kwa sababu mpaka ndio unaoutafuta. Kila kituo weka fremu ya mita 1 kwa 1 na uandike kila mmea umefunika asilimia ngapi. Halafu chukua udongo wa sentimita 0 hadi 5 na wa sentimita 20 hadi 30, kila mmoja kwenye mfuko wake.

Usisahau mwinuko. Tofauti ya sentimita 20 kati ya kituo na kituo inatosha kubadilisha idadi ya siku maji yanapofika, na jicho haliioni kwenye uwanja tambarare. Mpira mwangavu uliojazwa maji, ule wa mafundi wa kusawazishia msingi, unafanya kazi vizuri mno. Njia nyingine ni kuchomeka fito kwenye vituo vyote kabla ya bamvua na kuzipaka chokaa: maji yakisimama juu kabisa siku isiyo na mawimbi, uso wake ni kama bapa, na alama iliyoachwa kwenye kila fito inakuambia kina cha pale. Kina kikubwa ni ardhi ya chini, kina kidogo ni ardhi ya juu.

Mita ya kupima upitishaji wa umeme inaonyesha chumvi inashuka kuelekea bara, lakini mimea inasema kinyume. Nani anadanganya?

Hakuna anayedanganya. Mita na mizizi vinapima vitu viwili tofauti, na hapa ndipo ripoti nyingi zinapopotea.

Njia ya kawaida ni kuchukua gramu 20 za udongo uliokauka, kuongeza mililita 100 za maji yasiyo na chumvi, kutikisa kwa saa moja, kuacha utulie, kisha kusoma upitishaji wa umeme. Kipimo hicho, kinachoandikwa EC1:5, kinaeleza chumvi iliyomo kwenye kilo ya *udongo*. Mzizi hauli udongo. Unakunywa maji yaliyo kati ya chembe za udongo, na chumvi ileile ikiwa ndani ya maji machache inakuwa kali zaidi. Matope yanashika maji mengi, mchanga unashika machache.

Tufanye mfano wa vituo vinne. Namba hizi nimezipanga ili hesabu ionekane waziwazi. Zako zitakuwa zako. Hesabu ni mbili tu:

```
chumvi (g kwa kg ya udongo) = EC1:5 (mS/cm) × 0.64 × 5
chumvi ya maji (g/L) = chumvi ya udongo ÷ maji (kg kwa kg ya udongo mkavu)
```

Kituo cha kwanza kiko ndani ya mikoko, kwenye matope. Mita inasoma 7.5, na kila kilo ya udongo mkavu ilikuwa na kilo 0.60 za maji. Chumvi ya udongo ni 7.5 × 3.2, yaani gramu 24. Gawa kwa 0.60, unapata gramu 40 kwa lita, juu kidogo ya bahari.

Kituo cha pili kiko kwenye mchu mfupi, udongo umechanganyika na mchanga. Mita inasoma 7.0, maji ni 0.35. Gramu 22.4 ukigawa kwa 0.35 ni 64 kwa lita.

Kituo cha tatu ni jangwa lenyewe, mchanga mtupu kwa kiasi kikubwa. Mita inasoma 6.0, ndogo kuliko ya kwenye mikoko! Lakini maji ni 0.16 tu. Gramu 19.2 kwa 0.16 ni 120 kwa lita, zaidi ya mara tatu ya bahari.

Kituo cha nne kiko kwenye nyasi. Mita inasoma 1.0, maji ni 0.16, na jibu ni gramu 20 kwa lita.

Sasa panga mistari miwili. Kwa mita pekee: 7.5, 7.0, 6.0, 1.0. Chumvi inaonekana kushuka taratibu kuelekea bara, na jangwa linabaki kitendawili. Kwa maji ya udongo: 40, 64, 120, 20. Kilele kimejitokeza palepale mimea ilipokatika. Mtu aliyesahau kupima unyevu angeandika kwamba chumvi haihusiani na jangwa, na angeandika hivyo kwa data safi kabisa.

Kizidisho 0.64 ni cha kukadiria. Kinatosha kwa kulinganisha vituo vya mstari mmoja, lakini usitangaze tofauti ya gramu mbili tatu kama ugunduzi.

Kwa nini nisikamue maji na kuyapima moja kwa moja?

Ukiweza, fanya hivyo. Chukua bomba la sindano la mililita 60, weka karatasi ya kuchujia chini, jaza udongo, sukuma, na matone mawili yaweke kwenye refraktomita, kifaa kinachosoma chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga. Kwenye matope ya mikoko linatoka jibu kwa dakika. Kwenye mchanga wa jangwa wakati wa kiangazi unaweza kusukuma mpaka bomba lipasuke bila kupata tone, na hapo ndipo njia ya mita na unyevu inapohitajika. Mimi hupenda kutumia zote mbili kwenye matope: zikikubaliana, naiamini hesabu ya mchangani.

Refraktomita nyingi za kawaida zinaishia gramu 100. Mstari wa kivuli ukipotea juu ya kipimo, changanya sampuli na maji yasiyo na chumvi nusu kwa nusu, soma, kisha zidisha kwa mbili.

Maji yasiyo na chumvi nitayapata wapi Bagamoyo?

Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta yanafaa, mradi uhakikishe ni maji na si tindikali ya betri. Yapime kwanza kwa mita. Yakisoma karibu na sifuri, endelea. Ya chupa ya kunywa yana madini, yatakupotosha hasa kwenye vituo vya nyasi ambako chumvi ni kidogo.

Vipimo huharibika wapi zaidi?

Kwenye mfuko. Udongo ukikaa juani ndani ya gari, maji yanatoka na kushika kwenye plastiki kama matone. Ukiupima bila matone hayo, unyevu unaonekana mdogo na chumvi ya maji inapanda kwa uongo. Pima mfuko mzima ukiwa umefungwa, kausha udongo pamoja na matone yake, kisha toa uzito wa mfuko. Ukausho ni nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena, siyo mpaka udongo uonekane mkavu.

La pili ni ganda. Kijiko kimoja cha ganda jeupe kikiingia kwenye sampuli ya sentimita 0 hadi 5 kinaweza kuizidi chumvi yote iliyobaki. Kwangua nusu sentimita ya juu, iweke kando kwa mfuko wake, ndipo uchukue udongo. Na epuka kuchimba juu ya mashimo ya kaa. Shimo la kaa ni mfereji: maji ya bamvua yanashuka nalo hadi chini na kusuuza udongo ulio pembeni yake, hivyo utapata namba ya shimo badala ya namba ya kituo. Chukua sampuli mbili kwa kila kituo, zipishane nusu mita. Zikitofautiana sana, rudi uangalie kuna nini pale.

Kuna na jambo la matope meusi yanayonuka yai viza. Yakikaa na hewa kwa siku nyingi, salfa iliyomo inageuka tindikali na kuongeza upitishaji wa umeme ambao haukuwa kwenye shamba. Yakaushe mapema.

Nipime msimu gani?

Misimu miwili, kama unataka kuelewa mipaka badala ya kuichora tu. Mwishoni mwa kiangazi chumvi ya juu ndiyo kali kuliko ya chini, kwa kuwa maji hupanda kuelekea juu na kukaukia hapo. Katikati ya masika picha inapinduka: sentimita chache za juu zinakuwa karibu hazina chumvi, na chumvi imesukumwa chini.

Dirisha hilo la masika ni fupi lakini ndilo linaloamua mengi. Mbegu za mimea mingi ya chumvi, hata ile inayostahimili chumvi kali ikikua, haziamki kwenye chumvi hiyo. Zinaamka mvua inaposuuza juu, na mche unakimbizana na kiangazi kupeleka mzizi chini. Kwa hiyo *Suaeda* unayemwona akiwa mzima Septemba kwenye udongo wa gramu 70 hakuanzia maisha yake kwenye gramu 70. Ukipima Septemba tu, utasema mmea huyu hupenda chumvi hiyo, na utakuwa umekosea mwanzo wake.

Basi chumvi peke yake ndiyo inayopanga mimea?

Hapana. Chini, karibu na bahari, tatizo kubwa ni kukosa hewa. Udongo uliojaa maji hauna oksijeni, na mmea usio na mizizi ya kupumulia, kama ile midogo ya mchu inayochomoza kama penseli, hauwezi kukaa. Nyasi za juu zingekufa pale hata kama chumvi ingekuwa ndogo.

Juu, kuelekea bara, ni jirani anayebana. *Sesuvium* anaota vizuri tu kwenye udongo wa bustani wenye chumvi kidogo. Hatumkuti kwa wingi kwenye nyasi kwa sababu nyasi humfunika na kumnyima mwanga. Namba za mstari mmoja haziwezi kukutenganishia sababu hizi. Unachoweza kufanya ni jaribio dogo: ng'oa nyasi kwenye fremu chache, ziache nyingine kama zilivyo, panda vipande vya *Sesuvium* kwenye zote mbili. Akistawi palipong'olewa na kudhoofika palipoachwa, mpaka ule wa juu umewekwa na ushindani. Akifa kote, tafuta sababu kwenye udongo.

Je, mdomo wa Ruvu unafuata mpangilio huu?

Kwa sehemu tu. Mto unaleta maji baridi, mengi wakati wa masika, kwa hiyo kando ya mto chumvi inaamuliwa na umbali kutoka baharini pamoja na mwinuko. Usichanganye vituo vya kingo za mto na vya hori lisilo na mto kwenye grafu moja.

Tunaweza kupanda mikoko jangwani ili lifunikwe?

Watu hujaribu, mara nyingi kwa kuchomeka vikonyo vya mkoko kwa sababu vinaokotwa kirahisi. Vinachipua majani mawili kwa akiba ya chakula kilichomo ndani yake, kila mtu anafurahi, kisha kiangazi kinavikausha. Majani ya mwanzo si ushahidi kwamba udongo umekubali.

Pima kwanza mwishoni mwa kiangazi, sentimita 20 hadi 30. Ukipata gramu 100 kwa lita, usipande chochote. Jangwa hilo ni la asili na liko mahali pake, tena ni malisho ya ndege wa pwani bamvua inapolilowesha. Lakini kama ni bwawa la chumvi lililoachwa, angalia kingo zake za udongo. Mara nyingi ardhi ya ndani iko chini kiasi cha kufikiwa na maji, ila ukingo unayazuia. Ukingo ukikatwa mahali mkondo wa zamani ulipopita, bahari inaanza kusuuza, na mbegu za mchu na mkandaa zinaingia zenyewe na maji. Weka fito na upime chumvi kila mwisho wa kiangazi. Kabla ya kukata ukingo au kuchomeka hata fito moja, pitia ofisi ya kijiji au mtaa na ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa kuwa misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali na kazi yoyote ndani yake inahitaji kibali.